Mstari wa Sita

Machi 2023 mume wangu alizidiwa na kisukari tukiwa matangani Bungoma. Alilazwa siku 9. Pesa hazikunitia wasiwasi, kwa kuwa barua ya kuhuisha bima niliyoilipia Januari ilitaja kikomo cha kulazwa cha shilingi 1,000,000, kama mwaka uliotangulia. Ada nayo haikuwa imepanda. Nilikuwa nimelipa siku ileile barua ilipofika, nikamshukuru Mungu.

Siku ya kutoka, karani akaniambia, "Mama, bili ni 236,000. Bima imekomea 150,000." Zilibaki 86,000. Tuliuza ng'ombe wetu wa maziwa kwa 55,000, nyingine nikakopa kwenye chama. Watoto walikunywa chai ya rangi miezi mingi, na hilo bado linaniuma.

Tuliporudi Kitale nikatandaza mezani majedwali mawili ya bima, la 2022 na la 2023, nikashuka nayo mstari kwa mstari kwa rula. Milioni ilikuwa palepale. Mstari wa sita, magonjwa sugu, ulikuwa 300,000 mwaka wa kwanza na 150,000 wa pili. Hicho ndicho kikomo kilicho ndani ya kikomo: mgonjwa wa kisukari haigusi ile milioni, anatibiwa kwa mstari wake. Mstari wa miwani haukuwepo kabisa kwenye jedwali la pili. Ningesoma jedwali jipya peke yake nisingejua, maana kilichofutwa hakiachi alama.

Notisi ya 2024 ilipofika Desemba, nililitoa jedwali la zamani kabla ya kushika simu kulipa. Magonjwa sugu yalibaki 150,000, lakini maneno mawili yalikuwa yameongezwa: "pamoja na" vipimo vya maabara, ambavyo awali vilikuwa na fungu lao. Tarakimu ilikuwa ileile, ila sasa ilibeba mzigo zaidi.

Ajenti akasema kwa simu, "Mama, lipa tu, hakuna kilichobadilika." Nikamwomba anijibu kwa maandishi, mstari kwa mstari, kabla bima haijaisha, kwa sababu ukishalipa huhesabiwa umekubali. Kuhama nako nilikuwa nimekuulizia: kampuni nyingine ingetaka tungoje mwaka mzima kabla ya kugharamia kisukari ambacho tayari tunacho. Kwa hiyo nilibaki nijadiliane.

Jibu lilikuja baada ya siku 4. Mabadiliko yalikubaliwa kuwa yapo, na tukapewa nafasi ya kurudisha 300,000, vipimo vikiwa kando, kwa nyongeza ya 7,400. Sikulipa mpaka jedwali lililosahihishwa likafika mkononi mwangu likiwa na sahihi na muhuri.

Julai 2024 mzee alilazwa tena, safari hii hapa Kitale. Bili ilikuwa 198,000. Tulitoka hospitalini bila kuuza kitu.