Kuku wa mfuko wa unga na mtoto aliyekuwa haongei

Kazi ya ugani hunipeleka mara kwa mara kwenye bustani ya shule moja ya msingi huku Usukumani. Mwaka jana mwezi Mei, mwalimu wa darasa la awali alinionyesha mtoto wa kiume wa miaka 5 ambaye tangu Januari hakuwa amesema neno darasani. Nyumbani kwao wanaongea Kisukuma. Mama yake alisema akiwa nyumbani hanyamazi, basi tukajua masikio na ulimi ni vizima. Kilichomshinda ni kuongea Kiswahili mbele ya watu.

Nilikuwa nimewahi kuwatengenezea wanangu vikaragosi, nikasema nijaribu. Nilichukua mfuko wa karatasi wa unga wa ngano, ule wa kilo 2. Nikafungua upande wa juu taratibu, nikakung'uta unga, nikaulaza mfuko hadi kitako chake kikakunjika upande mmoja. Hicho kitako ndicho kichwa, na mkunjo wake ndio mdomo. Unaingiza mkono, vidole vinne vinapinda ndani ya kitako. Ukivikunjua, mdomo unafunguka. Nilibandika macho, mdomo wa njano na kishungi chekundu kwa gundi ya unga uliopikwa na maji. Mfuko wa kaki wa chipsi usio na kitako bapa haufai, kwa sababu hauna mkunjo wa kuwa mdomo.

Siku ya kwanza niliharibu. Nilimsogezea kuku yule mtoto nikauliza, "Wewe unaitwa nani?" Darasa zima likamgeukia. Akaingia chini ya dawati na hakutoka mpaka nilipoondoka. Nilikuwa nimemfanyia kilekile kinachomtisha kila siku, ila safari hii kwa kutumia karatasi.

Wiki iliyofuata kuku hakumwuliza mtu swali. Alikuja kusimulia jinsi alivyopotea njia, na alikuwa akikosea. Alisema analala kisimani na anakula mawe makubwa. Watoto walipiga kelele, "Hapana!" Kikaragosi mjinga humpa mtoto sababu ya kuongea: kuna mtu anahitaji kusahihishwa, na mtu huyo si mwalimu. Kila kosa nililifuatisha na kimya cha kuhesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Ukikimbilia kujibu mwenyewe, umemnyang'anya mtoto zamu yake.

Kuku alipodai kwamba yeye ni mbuzi, sauti ndogo ikatoka nyuma: "Ngoko!" Alikuwa ni yule mtoto. Mwalimu alitaka kumwambia aseme kwa Kiswahili, nikamwashiria asubiri. Kuku akajibu, "Kumbe mimi ni ngoko! Mimi ni kuku!" Mtoto akacheka. Alipata neno la Kiswahili bila kuambiwa kwamba amekosea.

Baada ya hapo tuliwatengenezea watoto vikaragosi vyao. Mfuko wa kilo 1 unatosha mkono mdogo. Kwa soksi, vidole vinakaa sehemu ya vidole na dole gumba linakaa kisiginoni, kisha unasukuma kitambaa cha katikati kiingie ndani kiwe mdomo. Macho tulishona kwa uzi. Vifungo vinang'oka, na mtoto mdogo huviweka mdomoni. Soksi hudumu kuliko karatasi, lakini zifuliwe kila wiki kwani zinapita mikono mingi.

Tuliwafundisha jambo moja tu la ufundi: mdomo ufunguke mara moja kwa kila silabi. Ku-ku ni mara mbili, ma-ha-ra-ge mara nne, na m-to-to mara tatu, kwa sababu ile "m" ni silabi inayojitegemea. Kwa soksi, shusha dole gumba badala ya kuinua vidole, ili macho yabaki yakiwatazama wasikilizaji. Mtoto akifungua mdomo ovyo, utajua bado hasikii vipande vya neno, na hapo unarudia naye polepole.

Walikaa wawiliwawili, kikaragosi kwa kikaragosi, si mmoja mbele ya darasa zima. Yule mtoto alimficha uso wake nyuma ya kuku na kusema, "Nimepotea." Mwezi wa saba alikuwa anasimulia hadithi fupi, nusu Kiswahili, nusu Kisukuma.

Bila kuku mkononi aliendelea kuwa kimya kwa wiki nyingi. Mwalimu hakumnyang'anya. Alimwacha kwanza amshike mapajani, baadaye amweke juu ya dawati, na mwishoni kuku akabaki dirishani akimtazama. Nilipopita bustanini Oktoba, alinijia mwenyewe akaniambia mchicha umeliwa na kuku wa jirani.

Mtoto asiyeongea hata nyumbani, au asiyegeuka ukimwita kwa nyuma, usimsubirishe kwa vikaragosi. Mpeleke zahanati masikio yapimwe kwanza.