VPN Inayojiwasha Yenyewe: Orodha ya Ujerumani Ikifika Dar es Salaam

Simu inaweza kupewa kanuni ya kuwasha VPN yenyewe kila inapojiunga na Wi-Fi isiyoaminika, na kuizima inaporudi kwenye Wi-Fi ya mwenyewe. Kwenye iPhone kanuni hizo husimamiwa na mfumo wa simu, kwa hiyo hufanya kazi hata programu ya VPN ikiwa imefungwa. Mfumo huzipitia kanuni kwa mpangilio, na ya kwanza inayolingana na mtandao uliopo ndiyo inayofuatwa.

Tuchukue Mtanzania anayeishi Ujerumani, mwenye ruta ya FRITZ!Box nyumbani. Tangu toleo la FRITZ!OS 7.50, ruta hiyo inaweza kuwa seva ya WireGuard, kwa hiyo hahitaji kulipia huduma ya VPN. Katika programu ya WireGuard ya iPhone anafungua sehemu ya `On-Demand Activation`, anawasha `Wi-Fi`, anaacha `Cellular` ikiwa imezimwa, kisha anachagua `Except these SSIDs` na kuandika jina la Wi-Fi yake kama lilivyo, herufi kubwa na ndogo. Akichagua `Only these SSIDs` kwa bahati mbaya, mambo yanageuka: VPN inawaka nyumbani tu, na treni inabaki bila ulinzi. Kanuni ikiwa sahihi, simu ikijiunga na `WIFIonICE`, mtandao wa treni usio na nenosiri, VPN inawaka bila kuguswa.

Akienda likizo Dar es Salaam, orodha ileile inakutana na mazoea mengine. Ujerumani Wi-Fi ya watu baki hupatikana zaidi kwenye treni, hoteli na viwanja vya ndege. Dar es Salaam watu wengi hutegemea bando la simu, na ndugu akiishiwa huomba hotspoti. Hotspoti hiyo simu huiona kama Wi-Fi ya kawaida, hata kama nyuma yake ni bando. VPN inawaka, na kila kinachofunguliwa kinapitia Ujerumani kwanza, safari inayoongeza zaidi ya milisekunde 100. Bando la mwenyeji nalo linaliwa kidogo zaidi, kwa sababu WireGuard huongeza baiti 60 hadi 80 kwenye kila pakiti. Hotspoti ya ndugu wa karibu inafaa kuongezwa kwenye orodha ya kuaminika, mradi ina jina la pekee. Jina la kiwandani la simu, ambalo maelfu ya wengine wanalo, halifai.

Sababu ni kwamba kanuni hutazama jina tu, na jina la Wi-Fi mtu yeyote anaweza kuliiga. Mgahawa nao, hata ukibandika nenosiri ukutani, hauingii kwenye orodha. Chini ya WPA2 kila mteja ana nenosiri lilelile, na aliyenasa mwanzo wa mazungumzo ya simu ya jirani na ruta anaweza kuyafungua yanayofuata. Ni kweli kwamba benki na barua pepe tayari zina ulinzi wa HTTPS; kinachobaki wazi mara nyingi ni majina ya tovuti zinazotembelewa.

Tatizo linalosumbua zaidi ni hoteli zinazozuia pakiti za UDP, ambazo WireGuard hutegemea. Simu itaonyesha VPN imewaka, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Dalili iko kwenye programu: data iliyotumwa inaongezeka, iliyopokelewa inabaki sifuri, na hakuna muda wa `Latest handshake`. Hali hiyohiyo inaweza kutokea pale ukurasa wa kuingia wa hoteli unapokosa kujitokeza. Kuzima VPN kwa swichi yake katika mipangilio ya simu huenda kusitoshe, maana kanuni inaweza kuiwasha tena. Kinachozimwa ni `Connect On Demand` ndani ya mipangilio ya VPN hiyo, kisha mtu anaingia kwenye ukurasa na kuiwasha upya. Kama UDP imezuiwa kabisa, afadhali kutumia bando.

Kuna pengo pia: kati ya kujiunga na Wi-Fi na VPN kusimama hupita muda mfupi ambao programu zinaweza kutuma data nje yake. Anayetaka pengo hilo lizibwe anahitaji VPN ya kudumu. Android inayo, pamoja na chaguo la kuzuia mawasiliano yote yasiyopita kwenye VPN, lakini mipangilio yake ya kawaida haichagui kwa jina la Wi-Fi. Kwa hilo hutumika programu kama WG Tunnel, nayo huomba ruhusa ya kujua mahali simu ilipo, kwani Android haitoi jina la Wi-Fi bila ruhusa hiyo.

Kabla ya safari, msomaji akumbuke kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN nchini Tanzania wajisajili ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Simu inayojiwashia VPN yenyewe ni simu inayotumia VPN.