Habari Iliyokaa Sentensi ya Tisa

Sisi tuliosoma insha shuleni tulizoea kwamba tukio lina mwanzo, kati na mwisho, na msimulizi mwema hamrushi msomaji hatua. Kwa hadithi, ni sawa kabisa. Kwa taarifa ya tukio inayotumwa kwa baruapepe, mpangilio huo unaweza kuleta hasara, na hilo nililiona katika ghala moja la vyakula hapa Mbuya, kwenye mteremko wa kushukia Kinawataka, nilipofanya mafunzo ya kazi. Ofisi kuu ya ghala hilo iko Dar es Salaam, kwa hiyo taarifa zote huandikwa kwa Kiswahili.

Usiku mmoja umeme ulikatika na jenereta likakataa kuwaka. Mzee aliyekuwa zamu, askari mstaafu, alituma taarifa saa 11 alfajiri. Sehemu ya mada aliandika neno moja tu: "Taarifa". Kisha akaanza: "Habari za asubuhi bosi, natumaini umeamka salama. Jana nilipokea zamu saa moja jioni, nikakagua milango yote nikaikuta imefungwa vizuri." Kiswahili chake kilikuwa safi na kila neno lilikuwa kweli. Lakini habari kwamba chumba cha yogati kimepata joto ilikuwa katika sentensi ya tisa. Meneja aliitazama simu yake, akaona "Taarifa" na salamu, akaiacha asome baadaye. Saa 12 gari lilipakiwa likaondoka. Mchana mzigo ulirudishwa, ukatupwa, na mzee akaulizwa kwa nini hakutoa taarifa.

Alitoa. Tatizo ni kwamba simu, kabla barua haijafunguliwa, huonyesha mada kwa herufi 30 au 40 hivi, na chini yake maneno machache ya mwanzo. Nafasi hiyo ndogo ndiyo inayomfanya meneja afungue sasa au baadaye. Hivi ndivyo ningeijaza kwa tukio lile:

Mada: Chumba cha baridi 2: nyuzi 9, upakiaji wa saa 12 unasubiri uamuzi

"Habari za asubuhi, bosi. Chumba cha baridi namba 2 chenye yogati kimefika nyuzi 9 badala ya 4 tangu umeme ulipokatika saa 7:40 usiku (01:40). Jenereta halijawaka, hakuna aliyeumia, na naomba uamuzi wako kuhusu upakiaji kabla ya saa 12 asubuhi (06:00)."

Hata simu ikiikata mada katikati, kinachobaki ni chumba na joto lake. Salamu haikuondolewa, maana kwetu kuanza bila salamu ni utovu wa adabu, ila imekuwa fupi ili isile nafasi ya habari. Sentensi mbili zinazofuata salamu nazo zinajibu maswali ambayo meneja angeyauliza kwa simu: nini, wapi, tangu lini, watu wako salama, mimi nifanye nini. Milango iliyokaguliwa saa moja jioni ina nafasi yake, lakini chini.

Sarufi yetu inasaidia sana hapa, na pia inaweza kupotosha. Ukiandika "jenereta halikuwaka", meneja anaweza kudhani ni jambo lililopita na sasa kuna nafuu. "Halijawaka" inamwambia kwamba mpaka dakika hii hali ni ileile. Vivyo hivyo, "kufuli limevunjika" inaeleza ulichokiona, lakini "kufuli limevunjwa" tayari inadai kuna mtu aliyelivunja. Usiku, kabla ya uchunguzi, mwandishi ana ushahidi wa ile ya kwanza tu. Ndiyo sababu mada yangu haitaji chanzo cha jenereta kugoma: hakuna aliyekijua bado.

Kuhusu saa, nimeweka hesabu zote mbili kwa makusudi. "Saa 7:40" bila neno "usiku" inaweza kusomwa na mtu aliyezoea saa ya kompyuta kuwa asubuhi watu wakinywa chai, na hapo joto la saa nyingi linageuka kuwa la dakika chache.

Sikutumia neno "DHARURA". Palipo na taarifa kila usiku, neno hilo likiwekwa hata kwa taa iliyoungua, baada ya wiki mbili halimshtui mtu. Nyuzi 9 zinatosha kumshtua anayeijua yogati.

Kabla ya kutuma, msomee mwenzako mada na sentensi mbili za kwanza baada ya salamu tu, kisha umuulize: kumetokea nini, hali ikoje sasa, na bosi anatakiwa kufanya nini? Akikwama kwenye swali lolote, jibu lake limejificha huko chini, lipandishe juu.