Sugu Isiyongoja Jembe

Katika lugha yetu, sugu kwanza ni jina la ile ngozi ngumu iotayo kiganjani mwa mtu ashikaye jembe. Hapa Machakos, ninapoishi tangu nilipoolewa na kuhama Mombasa, sugu hizo hukutana nazo kila ninapopeana mkono na wanawake wa vilimani, waliochimba matuta ya fanya juu kwenye miteremko wakisaidiana katika vikundi vyao vya mwethya. Jembe hutangulia, na sugu ikafuata. Tuliposikia kwamba vijidudu vya maradhi navyo vina usugu, tukaichukua picha hiyo hiyo: dawa humsugua mdudu, mdudu akaizoea, mwisho akawa mgumu. Ni picha nyepesi kueleweka. Tatizo lake ni kwamba imegeuza mambo, la mbele limewekwa nyuma, na mtu aifuataye aweza kujidhuru akidhani anajihifadhi.

Wifi yangu alikuwa katika mwezi wa pili wa matibabu ya kifua kikuu nilipotambua kuwa anaificha dawa. Alipimiwa vidonge 3 kila asubuhi kwa kadiri ya uzani wake; yeye alikuwa akimeza 2, na kimoja akikitia katika kopo la majani ya chai. Nilipomuuliza, hakuona haya hata kidogo, kwani alikuwa na hoja.

"Wifi," akaniambia, "si nyinyi mnaosoma ndio mnaosema vijidudu huzizoea dawa? Nikimzoesha huyu leo, kesho nitamuulia kwa nini?"

Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na nakiri kwamba hoja yake ilikuwa imara kama msingi wake ungekuwa kweli. Lau dawa ndiyo iumbayo usugu, basi dawa kidogo ingezaa usugu kidogo. Kwa hiyo sikumkemea. Niliona haki yake ni kuelezwa namna wanasayansi walivyolijua jambo hili, wala si kuamriwa tu ameze. Jioni ile tuliketi na karatasi, nikamsimulia jaribio la mwaka 1943.

Waliolifanya walikuwa wageni wawili katika nchi ya Marekani: Salvador Luria, Muitaliano aliyekuwa Chuo Kikuu cha Indiana, na Max Delbrück, Mjerumani aliyekuwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Hawakutumia dawa. Walitumia aina ya virusi viuavyo bakteria. Ukivimimina virusi hivyo juu ya mamilioni ya bakteria, karibu wote hufa, lakini wachache hubaki, na watoto wa waliobaki nao hawadhuriki. Swali likawa: hao wachache waligeuka lini? Je, waligeuka walipokutana na adui, au walikuwa wamekwisha kugeuka kabla ya kumwona?

Kwa macho huwezi kujua, kwa sababu unawatambua wagumu baada tu ya adui kupita. Luria alihangaika na swali hili miezi mingi. Kisha, katika karamu moja ya walimu wa chuo, alimtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari, ile iliyayo sarafu moja moja, mara nyingi isirudishe kitu, na mara chache itapike fungu zima. Yeye mwenyewe hakuwa mchezaji, lakini lile fungu la ghafla lilimpa jibu: asitazame ni bakteria wangapi waliosalimika, bali atazame idadi yao inavyopishana kutoka chupa moja hadi nyingine.

Fikiri una vichupa 20. Katika kila kimoja unatia bakteria wachache mno, unawapa chakula, na unawaacha wazaane. Bakteria huzaana kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne, wanne huwa wanane, mpaka kichupa kimejaa mamilioni. Hapo ndipo unapokimimina kila kichupa kwenye sahani yenye virusi, ukahesabu waliosalimika.

Kama ni adui awageuzaye, basi kila bakteria ana bahati ile ile ndogo ya kugeuka pale sahanini. Vichupa vyote vina idadi inayokaribiana, kwa hiyo hesabu za sahani zitakaribiana pia, kama mikono 20 iliyochota mchele kutoka gunia moja.

Lakini kama mgeuko hutokea wenyewe wakati wa kuzaana, na adui hajafika, basi lililo muhimu ni saa ya mgeuko. Bakteria akigeuka kichupani mkiwa na 8 tu, ukoo wake utakuwa thumuni ya kichupa kizima. Akigeuka katika uzao wa mwisho, ataacha mmoja au wawili. Na katika vichupa vingine hakuna atakayegeuka kamwe. Kwa hiyo sahani nyingi zitakuwa tupu, chache zitakuwa na wachache, na moja moja itafurika.

Nilimwandikia wifi hesabu za jaribio lao moja, zilivyo katika makala waliyoichapisha mwaka 1943, vichupa 20 kwa mfuatano: 1, 0, 3, 0, 0, 5, 0, 5, 0, 6, 107, 0, 0, 0, 1, 0, 0, 64, 0, 35. Vichupa 11 havikutoa hata mmoja. Kimoja kilitoa 107. Aliipitisha kalamu juu ya 107, akauliza kama si makosa ya kuhesabu au ya kumimina. Ni swali alilopaswa kuuliza, na wale wawili walikwisha kujiuliza. Ndiyo maana walichukua pia chupa moja, wakachota humo sehemu 10 zilizo sawa, na kumimina kila sehemu kwenye sahani yake. Wakapata 46, 56, 52, 48, 65, 44, 49, 51, 56 na 47. Sahani ni zile zile, virusi ni vile vile, mikono ni ile ile, na hesabu zimeshikana. Kwa hiyo msukosuko wa zile 20 haukutoka sahanini. Ulitoka kichupani, wakati adui bado hajaletwa.

Msomaji makini atasema: hayo ni ya virusi, dawa je? Miaka michache baadaye Milislav Demerec alifanya jaribio la namna hiyo kwa penisilini, akaona msukosuko ule ule. Mwaka 1952 Joshua na Esther Lederberg walikuja na njia nyepesi zaidi. Waliotesha bakteria kwenye sahani isiyo na dawa, wakaibandika juu ya kitambaa cha mahameli, kisha wakakichapa kitambaa hicho kwenye sahani nyingine, kama mtu apigaye muhuri. Sahani yenye dawa ya streptomisini iliwaonyesha mahali wagumu walipoota. Wakarudi mahali pale pale kwenye sahani ya kwanza, na kwa kurudia hivyo mara kadhaa wakapata bakteria wagumu ambao wao wenyewe, wala wazazi wao, hawakuwahi kuguswa na dawa. Hiyo ni sugu iliyoota kabla ya jembe.

Mipaka ya habari hii nayo isifichwe. Bakteria wengine huazimana jeni za usugu wao kwa wao, na dawa nyingine zaweza kuongeza kasi ya migeuko kwa kumsumbua bakteria asife. Lakini bakteria wa kifua kikuu hupata usugu wao kwa migeuko ya jeni zao wenyewe, kwa hiyo mfano wa vichupa unawahusu moja kwa moja. Mwaka 1970 Hugo David aliwapima kwa njia hiyo hiyo ya msukosuko. Kwa makadirio ya jumla, bakteria mmoja katika kila milioni 1 huwa tayari haogopi isoniazidi, na mmoja katika kila milioni 100 haogopi rifampisini.

Sasa tuingie kifuani. Tundu moja la kifua kikuu katika pafu laweza kuwa na bakteria milioni 100. Mgonjwa akipewa isoniazidi peke yake, wapo kama 100 ambao haitawafanya kitu. Wenzao watakufa, mgonjwa atapata nafuu, ataongeza uzani. Na hao 100 watabaki na pafu zima bila mshindani. Yalitokea hasa Uingereza katika jaribio la streptomisini lililochapishwa mwaka 1948. Baada ya miezi 6, waliokufa walikuwa 4 kati ya wagonjwa 55 waliopewa dawa hiyo, ilhali kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu walikufa 14. Lakini kati ya wagonjwa 41 ambao bakteria wao walipimwa, 35 walikuwa na bakteria wasioiogopa tena.

Ukizitia dawa mbili pamoja, hesabu hugeuka. Asiyeogopa zote mbili ni mmoja katika milioni 1 mara milioni 100, yaani mmoja katika trilioni 100, na hakuna tundu lenye bakteria wengi kiasi hicho. Ndiyo siri ya kidonge cha Kenya cha leo: miezi 2 ya dawa nne, rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, bakteria wakiwa wengi, kisha miezi 4 ya rifampisini na isoniazidi, wakiwa wamebaki wachache. Kufupisha matibabu mpaka miezi 6 kulijaribiwa kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki wenyewe, na matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972.

"Basi kidonge nilichoacha," wifi akasema polepole, "hakikumnyima mdudu mafunzo."

Nikamjibu kwamba mdudu hafunzwi. Kila anapogawanyika kuna nafasi ndogo ya mgeuko, dawa iwepo isiwepo. Dawa pungufu huwaacha wengi hai. Walio hai huzaana. Na kila uzao ni kichupa kingine kinachongoja 107 yake. Kumnyima dawa ni kumpa uzazi. Tulikwenda pamoja kliniki akawaeleza wahudumu aliyoyafanya, nao wakachukua makohozi yake upya. Hakukuwa na usugu wa rifampisini, akaendelea na matibabu kwa kipimo kamili, mama mkwe akisimamia kila asubuhi.

Kipimo hicho hufanywa kwa mashine ya GeneXpert, ambayo huisoma jeni ya bakteria na kutafuta ule mgeuko, na hutumiwa hata kwa mgonjwa ambaye hajawahi kumeza kidonge kimoja. Mtu aonaye usugu kuwa ni mazoea atashangaa: atakuwaje sugu asiyeonja dawa? Lakini aweza kuwa ameambukizwa na mtu ambaye kifuani mwake wagumu walikwisha kubaki peke yao. Kwa hiyo familia yenye mgonjwa ina mambo mawili ya kuuliza kliniki: makohozi yamepimwa usugu, na vidonge ni vingapi kwa uzani wa mgonjwa leo, maana mgonjwa anenepaye huenda akahitaji kuongezewa kidonge. Idadi hiyo ikishajulikana, imezwe yote.