Intavyuu Tano, Bosi Mmoja: Kampuni Inavyojianika Kabla Hujaanza Kazi

Kuna watu wakiitwa usaili wa nne tu, wanaanza kuulizia bei ya viatu vya ofisini. Wanaona kampuni ikihangaika nao kiasi hicho, basi inajua thamani ya mtu. Wengine mizunguko ikizidi miwili wanakata tamaa: hapo ashapangwa mtoto wa mtu, sisi tunasindikiza. Wote wanahesabu mizunguko. Binti mmoja wa Mbagala aliamua kuangalia kila mzunguko ulikuwa unasubiri nini, na hapo akaisoma kampuni yote kabla hajakanyaga ofisi kama mfanyakazi.

Binti ana miaka 27, shahada ya uhasibu, na kibanda cha uwakala wa pesa pale Rangi Tatu. Kibanda ndicho kinacholipa kodi ya chumba na ada ya mdogo wake. Kila akiitwa usaili Mikocheni inabidi afunge, apande daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na siku nzima ya kamisheni imekwenda na maji. Ndiyo maana alianza kuandika kwenye daftari lile lile la floti: tarehe aliyoitwa, nani alimhoji, aliulizwa nini, na waliahidi kumjibu lini.

Kampuni ilikuwa ya usambazaji wa bidhaa, inatafuta mhasibu msaidizi. Mzunguko wa kwanza ulikuwa simu ya dakika kumi. Wa pili, mtihani wa hesabu kwenye kompyuta. Wa tatu, mahojiano na mhasibu mkuu. Wa nne, mahojiano na meneja wa fedha. Halafu kimya, wiki saba. Alipopiga simu, dada wa rasilimali watu alimjibu kwa upole, "Mdogo wangu, vumilia kidogo. Mkurugenzi yuko safari, lazima akuone mwenyewe." Huo ndio ukawa mzunguko wa tano.

Sasa soma daftari. Mhasibu mkuu alimuuliza kwa nini aliacha kazi ya kwanza. Meneja wa fedha akamuuliza hilo hilo. Mkurugenzi naye akaanza nalo, huku wasifu wake ukiwa mezani haujafunguliwa. Kama watu watatu wanauliza swali moja, maana yake wa kwanza hakuandika jibu, au aliandika na hakuna aliyesoma. Ofisi ya namna hiyo, ukishaingia, utaeleza jambo moja mara tatu kwa watu watatu, na likiharibika kila mmoja atasema hakuambiwa.

Mtihani nao ulikuwa na habari yake. Alipewa saa moja alinganishe daftari la benki na vitabu vya kampuni, hesabu zikiwa za kubuni. Huo ni mtihani halali, maana ndiyo kazi atakayoifanya. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia alipata ngapi, wala aliyeugusia kwenye mahojiano yote yaliyofuata. Mtihani ambao matokeo yake hayamsaidii mtu kuamua unaonyesha kwamba pale vitu vinafanyika kwa sababu viko kwenye utaratibu, basi.

Kubwa zaidi lilikuwa zile wiki saba. Mhasibu mkuu alimkubali. Meneja wa fedha alimkubali. Bado hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuajiri mhasibu msaidizi mpaka mtu mmoja ashuke kwenye ndege. Binti akajiuliza: kama nafasi ndogo hivi inamsubiri yeye, malipo ya msambazaji yanamsubiri nani? Likizo? Mishahara?

Ila kuna kosa linalofanywa sana hapa, la kudhani kila ucheleweshaji unasema kitu kimoja. Jirani yake, kijana wa Temeke, alikuwa kwenye foleni ya serikali. Huko unaomba kupitia Ajira Portal, unafanya usaili wa mchujo wa kuandika, baadhi ya kada zina wa vitendo, halafu mahojiano, halafu unasubiri kupangiwa kituo. Alisubiri miezi mingi, mama yake akawa anauliza kila wiki, "Mwanangu, hao watu vipi?" Lakini anayesaili kule ni Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na utakayemfanyia kazi ni halmashauri, wakala au wizara fulani. Urefu wa safari hauwezi kukwambia mkuu wako wa idara atakuwa mtu wa namna gani, kwa sababu hakuhusika kuipanga.

Unachokisoma pale ni ukubwa wa foleni. Juni 2014 Uhamiaji iliita waombaji zaidi ya 10,000 kwenye Uwanja wa Taifa, pale pale Temeke, kugombea nafasi 70. Watu wakijaa hivyo, mchujo hauwezi kuwa wa siku moja. Cha kuangalia ni kama hatua zinatangazwa mapema, majina yanabandikwa hadharani, na kila hatua inapima kitu kipya.

Kipimo hicho hicho ukirudi nacho kampuni binafsi kinafanya kazi. Kuna waajiri wenye mizunguko minne na wametulia: siku ya kwanza wanakwambia ni minne, wa kwanza unapima hesabu, wa pili unapima kuongea na mteja, na tarehe ikisogea wanakupigia kabla hujawapigia. Na kuna wanaokuajiri ndani ya dakika ishirini, "kesho njoo uanze", bila karatasi. Hao wasikupe raha. Ukiuliza aliyekuwa kwenye nafasi hiyo alidumu muda gani, mara nyingi utaelewa haraka yao inatoka wapi.

Binti alipopewa ofa hakukataa. Mshahara ulikuwa mzuri kuliko kamisheni, na kazi za uhasibu haziokotwi barabarani. Ila alimuuliza yule dada wa rasilimali watu maswali mawili. "Dada, samahani, nani anasaini malipo ya mishahara?" Mkurugenzi. "Na akisafiri?" Dada akacheka kidogo, akasema, "Huwa tunamsubiri."

Basi akaomba mkataba wa maandishi kabla ya kuanza, kwa sababu maelezo ya kazi kwa maandishi ni takwa la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo hiyo ina jambo ambalo wengi hawalijui: kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Hata usailiwe mara kumi, miezi hiyo inaanza kuhesabiwa siku unayoanza kazi. Kwa hiyo kibanda hakukifunga. Alimweka binamu yake, wakagawana kamisheni, na akatenga kodi ya miezi miwili.

Mwezi wa tatu mkurugenzi alisafiri. Mshahara ulichelewa siku 19. Wenzake ofisini walikuwa wanakopeshana nauli na kushangaa, kana kwamba ni jambo geni. Yeye aliliona tangu zile wiki saba, na kodi ilikuwa imeshalipwa.