Ombi Lenye Mlango wa Kutokea

Binti wa ndugu yangu huandika programu za kompyuta. Mkataba wake ulipokwisha, aliona nafasi katika kampuni anayofanya kazi mwenzake wa zamani, akataka ampendekeze kwa wakuu wake. Alinijia tutunge ujumbe.

Nilimwuliza mwenzake atatakiwa kufanya nini hasa. Akanieleza kwamba kampuni nyingi za fani hiyo humruhusu mfanyakazi kuwasilisha jina la mtu, kisha humwuliza: unamjuaje, na ungependa kufanya kazi naye tena? Huo, ndugu msomaji, ni ushahidi, na shahidi huweka jina lake dhamana.

Rasimu yake ilisema: "Dada, kitambo! Naomba unisaidie kupata kazi kwenu." Maneno machache, mzigo mzito. Kazi gani? Aseme nini? Na akitaka kukataa, atakataaje bila kuonekana amevunja udugu? Aliyebanwa hivyo hunyamaza.

Tukaandika upya:

"Assalaam alaykum dada. Natumai u mzima pamoja na jamaa. Mwaka juzi tulikuwa pamoja katika programu ya kulipia karo. Mimi niliandika sehemu ya risiti, nawe ukiikagua kazi yangu. Timu yenu inatafuta mwandishi wa programu. Tangazo ni hili hapa chini, na mwisho wake ni Ijumaa. Sijapeleka maombi bado. Je, unaijua kazi yangu kiasi cha kunipendekeza bila wasiwasi? Ikiwa ndivyo, nitakuletea wasifu wangu na mistari mitatu ya kukurahisishia. Ikiwa sivyo, au taratibu zenu haziruhusu, 'siwezi kwa sasa' yatosha, nami sitauliza sababu. Nisiposikia kufikia Jumatano, nitaomba mwenyewe."

Kila sentensi ina kazi yake. Kumbukumbu ya risiti inampa shahidi jambo alilolishuhudia kwa macho yake. "Sijapeleka maombi bado" si pambo: katika kampuni nyingi, jina likishaingia kwa njia ya kawaida, pendekezo la baadaye halihesabiwi. Swali lenyewe halisemi "utanisaidia?" bali "unaijua kazi yangu?", na hilo mtu hulijibu hapana bila kumvunjia mwenziwe heshima. Siku ya Jumatano nayo hukifanya kimya kuwa jibu, wala haimpi mwombaji kisingizio cha kukosa Ijumaa.

Jibu lilifika jioni ile: "Siwezi kwa sasa, bado niko katika miezi ya majaribio. Lakini timu ile yajali sana namna mtu anavyozijaribu programu zake; liweke hilo mwanzoni mwa wasifu."

Pendekezo hakulipata. Alilipata neno ambalo tangazo halikulisema, akaomba mwenyewe siku iliyofuata, na wawili hao wangali wanajuliana hali.