Faili la Katikati

Filamu ya dakika 12 haimaliziki ndani ya programu moja. Inahaririwa kwenye Premiere, inapita After Effects kwa madoido, inakwenda DaVinci Resolve kwa rangi, kisha inarudi nyumbani. Kila inapovuka mpaka, picha huandikwa upya kwenye faili, na kila faili lina kodeki yake, yaani namna ya kuibana picha isijaze diski. Kodeki inayotumika kwenye safari hizi za ndani ndiyo kodeki ya katikati. Mtazamaji hatakutana nayo kamwe, lakini ndiyo inayoamua nini kitamfikia.

Jambo hili lilinikaa kichwani kwa sababu ya filamu tuliyopiga Ziwa Victoria, upande wa Ukerewe, kuhusu wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Kwa hiyo picha zetu nyingi ni giza lenye taa moja katikati, na mwanga unaofifia taratibu mpaka unakuwa weusi mtupu. Halafu mmoja wa wavuvi alikubali kutuzungumzia habari za nyavu zilizokatazwa kwa sharti moja tu: namba ya usajili iliyo ubavuni mwa mtumbwi wake isionekane. Mambo haya mawili, giza na namba, ndiyo yaliyotuchagulia kodeki.

Mtu atauliza, kwa nini usipeleke tu mafaili ya kamera? Kamera yetu hurekodi kwa H.265. Huhifadhi fremu kamili mara mojamoja, na kati ya hizo huandika kilichobadilika tu. Ndiyo maana megabiti 100 kwa sekunde zinatosha picha ya 3840 kwa 2160. Lakini ukiitaka fremu iliyo katikati, kompyuta inabidi ianze kwenye fremu kamili na kuijenga ile unayoitaka kutoka hapo. Uhariri unakwama kwama. Na ukihifadhi tena kwa mtindo huohuo baada ya kila hatua, hasara inapanda juu ya hasara, kama kutoa fotokopi ya fotokopi. Kodeki za katikati kama ProRes ya Apple na DNxHR ya Avid hufanya kinyume: kila fremu inasimama yenyewe, nayo hubanwa kiasi kidogo, hivyo inavumilia kuandikwa tena.

Bei yake ni nafasi. Tulikuwa na saa 9 za picha, ambazo kwa mafaili ya kamera zilikuwa kama gigabaiti 405. ProRes 422 HQ, kwa ukubwa uleule na fremu 25 kwa sekunde, hula megabiti zipatazo 737 kwa sekunde. Kugeuza saa zote 9 kungetaka karibu terabaiti 3, na hatukuwa na diski ya hivyo. Basi tulihariri kwa mafaili mepesi, na baada ya kukamilisha mpangilio tukageuza zile klipu zilizobaki kwenye filamu tu, kila moja ikiwa na sekunde moja ya ziada mwanzoni na mwishoni ili dada wa rangi apate pa kujinyoosha. Jumla haikufika dakika 15, ambazo ni kama gigabaiti 83. Hizo zinaingia kwenye diski ndogo ya mfukoni.

Dada huyo yuko Nairobi, na kabla hatujamtumia chochote alisema, "Kaka, nitumie kwanza sekunde kumi za picha yenye giza kuliko zote. Nitakwambia kama tutaelewana." Nikachagua taa ikipeperushwa na upepo juu ya maji, nikaitoa mara mbili, moja kwa DNxHR HQ na nyingine kwa DNxHR HQX. Majina yanafanana, na mtu akiona HQ anaridhika kwamba huo ndio ubora. Kumbe HQ hubeba biti 8 tu, yaani ngazi 256 kwa kila rangi. HQX inaweza kubeba biti 10, ambazo ni ngazi 1024, au hata 12. Kamera yetu ilikuwa imerekodi biti 10, tena kwa mtindo ule wa picha iliyopauka inayosubiri kutiwa rangi. Picha ya hivyo hutumia sehemu tu ya ngazi zilizopo. Dada alipoivuta ili weusi uwe weusi, ngazi chache za HQ zilitanuka, na kuzunguka taa ikatokea miduara kama ya kitunguu kilichokatwa. Faili la HQX lilibaki na mwanga unaofifia vizuri.

Kuna wakati macho hudanganywa na kioo cha kompyuta, kwa hiyo alinionyesha pia grafu ya mwanga ndani ya Resolve. Kwenye faili la biti 8 grafu ilikuwa imechanika, mistari na mapengo kama meno ya chanuo. Ukiona chanuo hilo, kosa halipo kwenye kioo. Na kabla ya kutuma diski yoyote, faili linaweza kuulizwa lenyewe:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=codec_name,profile,pix_fmt taa.mov
```

Ikijibu `yuv422p10le`, ni biti 10. Ikijibu `yuv422p`, ni biti 8, hata jina la faili liseme nini.

Ila faili la katikati halirudishi kilichokwisha potea. Tulikuwa na klipu mbili za simu, za biti 8, na miduara ilikuwemo tangu zilipopigwa. Tulizigeuza kuwa biti 10 na miduara ikabaki palepale. Tulichopata ni kwamba haikuongezeka.

HQX ingetutosha. Tulichukua ProRes 422 HQ kwa sababu ni ya biti 10, mashine zetu zote mbili ziliweza kuiandika, na dada ndiyo aliyoizoea.

Kwa mtumbwi, kawaida ingekuwa kutoa kiraka peke yake kwa ProRes 4444, kodeki inayoweza kubeba uwazi, halafu mtu wa rangi akakilaza juu ya picha. Hilo humpa uhuru wa kukirekebisha. Lakini kiraka kilicho kwenye safu yake kinaweza kuzimwa kwa kubofya mara moja, na chini yake namba ipo. Kwa hiyo tulifunika ubavu wa mtumbwi ndani ya After Effects, picha ikiwa bado imepauka ili rangi ziingie juu yake bila kiraka kujitenga, kisha tukatoa kila kitu kikiwa kimeungana kwa 422 HQ. Kodeki hiyo haina mahali pa kuweka uwazi, na hapa ndicho tulichokitaka. Ile sekunde ya ziada ya kila upande nayo tuliifunika, maana namba ilionekana humo vizuri kuliko kwenye klipu yenyewe.

Wiki iliyofuata dada aliniandikia kwamba kwenye fremu tatu ukingo wa kiraka unacheza, akaomba nimpe faili la kamera akirekebishe mwenyewe. Nikamjibu, "Samahani dada, hilo halitoki hapa." Nilirekebisha zile fremu, nikatoa klipu upya kwa 422 HQ, nikaiuliza kwa `ffprobe`, nikaituma.